Misitu na bahari zinanyonya hewa ukaa, mbona bado inaongezeka?

*Mimi ni mwalimu wa sayansi, sekondari moja huku Mufindi. Wanafunzi wameniuliza swali likanishinda: kama miti na bahari hunyonya hewa ukaa, na huku kwetu mipaini imejaa milima yote, mbona kila mwaka tunaambiwa imeongezeka? Ni miti hainyonyi, au vipimo vina walakini?*

Mwalimu, vipimo viko sawa na miti inanyonya kweli. Waonyeshe wanafunzi mchoro wa vipimo vya Mauna Loa kule Hawaii, vilivyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958. Mstari wake una meno kama msumeno. Hewa ukaa hufika kileleni mwezi Mei, kisha hushuka kwa chembe sita hivi katika kila chembe milioni moja za hewa, hadi Septemba. Huo ndio msimu ambao misitu ya kaskazini, kuanzia Kanada hadi Siberia, inachipua na kukua kwa kasi. Majani yakishapukutika yanaoza, vijidudu vya udongoni vinaendelea kupumua, na hewa ile ile inarudi ilikotoka. Ila kila jino linasimama juu kidogo kuliko la mwaka uliopita. Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa chembe 316 hivi. Wa mwaka 2024 ulipita 424.

Wengi hujikwaa hapo: wanahesabu kinachoingia kwenye majani, wanasahau kinachotoka. Mimea ya nchi kavu huvuta zaidi ya tani bilioni 400 za hewa ukaa kwa mwaka na kurudisha karibu zote. Kinachobaki ndicho cha kuhesabu. Sisi binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, kutengeneza saruji na kufyeka misitu, tunaongeza tani bilioni 40 hivi kwa mwaka. Mimea na udongo hubakiza kama asilimia 30 ya hizo, bahari kama robo. Zilizosalia, tani bilioni 18 au 19, hazina pa kwenda. Kuongeza chembe moja katika milioni kunahitaji tani bilioni 7.8, kwa hiyo gawanya: utapata chembe 2.4 hivi kwa mwaka, na ndicho kiasi ambacho mchoro umekuwa ukipanda katika miaka ya karibuni.

Sasa bahari. Ni kubwa mno, mbona isimeze zote? Kwa sababu hewa ukaa haikai tu majini kama ilivyo. Nyingi yake hukutana na kaboneti iliyomo kwenye maji ya chumvi na kugeuka bikaboneti. Kaboneti ya maji ya juu ni chache, na kadiri inavyotumika ndivyo maji yanavyopungukiwa na uwezo wa kupokea zaidi. Hewa ukaa angani ikipanda kwa asilimia 10, kaboni iliyoyeyuka katika maji ya juu hupanda kwa asilimia moja tu au karibu na hapo. Maji ya vilindini yana nafasi tele, lakini yale ya juu huchukua mamia ya miaka, hata elfu moja, kuchanganyika nayo. Na kama kuna mwanafunzi anayeshuku kwamba bahari ndiyo inayotoa hewa hii, mwambie aangalie pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka hewa ukaa ikiingia majini: maji ya juu yameshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1 tangu enzi za viwanda zianze. Bahari ingekuwa inatoa, namba hiyo ingepanda.

Turudi kwenye mipaini yenu. Chukua mti wenye uzito wa tani moja ukiwa mbichi. Tuseme nusu ni maji. Inabaki kilo 500 kavu, na nusu ya hizo ni kaboni, kilo 250. Zidisha kwa 44 kisha gawanya kwa 12, unapata kilo 917 za hewa ukaa. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo mti mzima uliokua kwa miaka mingi unafuta lita 340. Lori la tela linaweza kuzimaliza kwa safari moja ya Mafinga hadi Dar na kurudi. Na hesabu hiyo inashika tu ubao ukiwa bado ni ubao. Magome, matawi na pumba za mbao zikichomwa, sehemu yake inarudi angani siku hiyo hiyo.

Misitu pia hainyonyi kiasi kile kile kila mwaka. Ukame wa El Niño unapozikumba nchi nyingi za tropiki, miti hukua polepole, mioto huongezeka, na fungu la nchi kavu hupungua. Mwaka 2024 mchoro ulipanda kwa zaidi ya chembe 3, ingawa moshi wa mafuta na makaa haukuongezeka kwa kasi hiyo. Wape wanafunzi namba za mwaka baada ya mwaka, kisha waitafute wenyewe miaka ya El Niño.