Kwa nini bima ya milioni 60 haikunilipa hasara yote ya milioni 20

Nauza vitenge na mashuka Kariakoo. Masika moja, usiku wa mvua kubwa, mtaro wa nyuma ya stoo ulifurika na maji yakaingia ndani hadi magotini. Marobota ya chini yote yalilowa. Asubuhi nilipiga picha kabla ya kugusa kitu, nikampigia dalali wangu wa bima, na kesho yake mkadiria hasara akafika. Mafuriko yalikuwemo kwenye mkataba, na bima ya mzigo ilikuwa ya shilingi milioni 60.

Mzigo uliolowa nilikuwa nimeununua kwa milioni 24. Uliofaa kuuzwa tuliuuza kwa bei ya hasara, ukarudisha milioni 4, kwa hiyo nilikuwa nimepoteza milioni 20. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa imeisha. Bima ni ya 60, hasara ni 20, iko ndani kabisa.

Kilichonishangaza ni kumwona mkadiria akihesabu majora makavu ya rafu za juu. Nikamwambia hayo hayakuguswa na maji. Akanijibu, "Mama, hukuyakatia bima haya yaliyolowa peke yake. Umekatia mzigo wote wa stoo hii."

Hapo ndipo kipengele cha avereji kinapoingia. Kama siku ya janga mzigo wote ulikuwa na thamani kubwa kuliko kiasi ulichokatia bima, kampuni inakuhesabu wewe mwenyewe kuwa umebeba sehemu iliyopungua, na kila hasara, hata ndogo, mnagawana kwa uwiano huo. Hesabu ni hii:

```
malipo = hasara × kiasi cha bima ÷ thamani ya mzigo wote
```

Rasimu ya kwanza ya ripoti ilisema mzigo wote ulikuwa wa milioni 120. Kwa hiyo 20 × 60 ÷ 120, nilipwe milioni 10. Nusu ya hasara yangu! Nililia siku ile, nasema kweli. Lakini niliisoma ile ripoti mstari kwa mstari, na nashukuru sikusaini haraka.

Hasara yangu ilikuwa imepigwa kwa bei ya kununulia, kama mkataba ulivyotaka. Mzigo mkavu na thamani ya jumla vilipigwa kwa bei ya kuuzia, ile niliyoandika kwenye vibandiko. Huwezi kupima hasara kwa kipimo kimoja na mzigo wote kwa kingine, maana thamani ya jumla ikivimba, malipo yanapungua. Nilikusanya ankara za wauzaji wangu, risiti za EFD na daftari la stoo, nikaandika barua kupitia kwa dalali. Walipohesabu upya kwa bei ya kununulia, mzigo wote ulitoka milioni 100. Ikawa 20 × 60 ÷ 100, yaani milioni 12. Kisha mkataba ulinitaka nibebe asilimia 10 ya malipo hayo, nikapokea milioni 10.8. Karatasi ziliniongezea karibu milioni 2, lakini pengo lililobaki lilikuwa halali. Nilikuwa nimelisababisha mimi.

Ile milioni 60 ilitoka wapi? Benki iliniambia nikate bima nilipochukua mkopo, na wakati huo kiasi hicho kilitosha. Miaka miwili nililipia upya bila kukigusa. Mzigo ulikua, na kabla ya Idi huwa naijaza stoo mpaka mlangoni. Benki inaangalia mkopo wake ulindwe, haihesabu marobota yako.

Kinachoniuma zaidi ni bei ya hilo pengo. Kiwango changu cha ada kilikuwa shilingi 2,500 kwa kila milioni kwa mwaka. Milioni 40 zilizokosekana zingenigharimu 100,000, pamoja na VAT 118,000. Avereji peke yake ilinikata milioni 8.

Sasa nakatia bima kiwango cha juu kabisa cha mzigo kwa mwaka, ule wa kabla ya Idi, si wastani wa miezi. Wenye mzigo unaopanda na kushuka sana waulize kuhusu bima ya taarifa ya kila mwezi, ambapo unakatia kiasi cha juu kisha ada inarekebishwa kwa thamani unazotuma. Ukichagua hiyo, tuma taarifa za kweli na kwa wakati, maana taarifa ya chini inaweza kukukata vilevile. Na kama unatunza mzigo wa mtu mwingine stooni, mwambie dalali mapema uandikwe kando, usije ukahesabiwa kama wako siku ya janga.

Baadhi ya mikataba huacha avereji iwapo kiasi cha bima kinafikia asilimia fulani ya thamani, kwa mfano 85. Wangu haukuwa na sentensi hiyo. Niliomba iwekwe nilipolipia upya, na kabla ya kulipa nilimtaka dalali anionyeshe kwa kidole ilipoandikwa.