Taa ya injini ikimulika, usiguse betri

"Nilipiga picha ya taa iliyowaka kwenye dashibodi lakini imefutika. Ni ya njano, ina umbo la injini. Nikipanda mlima inamulika, nikifika tambarare inatulia ila haizimi. Fundi kasema nichomoe betri nusu saa itapotea. Nina safari ndefu kesho, nichomoe leo au nikirudi?"

Weka spana chini. Betri usiichomoe leo wala ukirudi, na safari ya kesho iahirishe. Picha iliyofutika haina hasara, kwa sababu picha isingeonyesha kwamba taa inamulika, yaani inawaka na kuzima, na hilo ndilo neno kubwa kuliko yote uliyoandika.

Taa ya njano ya injini ikiwaka bila kupepesa, kompyuta imeona hitilafu na inakutaka ukapime. Ikimulika wakati injini imebeba mzigo, kama hapo mlimani, maana yake injini inamisi kiasi cha kuharibu masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosti. Silinda moja haichomi mafuta yake. Petroli mbichi inatoka na hewa, inaingia kwenye masega ambayo tayari ni ya moto, na inaungulia humo. Joto linapanda hadi kauri ya ndani inaanza kuyeyuka na kuziba njia ya moshi. Hapo gari linakosa nguvu, linagoma kupanda mizunguko, na kilichoanza kama plagi au koili moja kinakuwa bili ya masega mazima. Safari ndefu yenye milima ndiyo njia ya haraka ya kufika huko.

Huyo aliyekwambia uchomoe betri ananikera kweli, maana ushauri huu unasambazwa kana kwamba ni matengenezo. Kuchomoa betri kunafuta kodi za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mizunguko, mzigo, joto la maji. Koili mbovu inabaki mbovu. Taa itazima, utaondoka kwa amani, na mlima wa kwanza itamulika tena huku fundi anayefuata akiwa hana pa kuanzia. Anayezima taa bila kusoma kodi hajatengeneza kitu, na asikulipishe.

Fanya hivi. Peleka gari likasomwe kwa mashine kabla ya kugusa chochote, na andika kodi zote. Tuseme imetoka P0302. Tarakimu ya mwisho ni silinda, kwa hiyo ni ya pili. (P0300 ni kumisi kusikokaa silinda moja, na huko utafutaji ni mwingine.) Kama injini yako ina koili moja kwa kila plagi, zima injini, iache ipoe, kisha hamisha koili ya silinda ya pili uweke ya tatu, na ya tatu uweke ya pili. Sasa futa kodi kwa mashine, endesha kidogo, soma tena. Ikija P0303, ugonjwa umehama na koili, nunua koili. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Hamisha plagi kwa namna ileile. Ikigoma kuhama hata hapo, ndipo uangalie nozeli, kisha upime kompresheni.

Ukichomoa koili, itazame vizuri. Mpira wake wa chini ukiwa umelowa oili, sili za kava ya valvu zinavujisha kwenye shimo la plagi, na koili mpya utakayoweka italowa vilevile. Tazama na kauri nyeupe ya plagi: mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, unaonyesha cheche inapita pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Hapo badilisha plagi na mpira wa koili pamoja.

Kufika kwa fundi, kanyaga mafuta kidogo na epuka mlima. Ikianza kumulika, legeza mguu. Isipoacha, simama, zima injini, ita gari la kuvuta. Usisimame juu ya majani makavu, kwa maana ekzosti ya gari linalomisi inaweza kuyawasha.

Ukirudi kuuliza, andika kodi zilizotoka kabla na baada ya kuhamisha koili, taa ilimulika ukiwa unafanya nini, injini ilikuwa baridi au imepata moto, na kama gari lilikuwa linatetemeka ukiwa umesimama.