Presha imepanda baada ya prednisoloni

Swali: "Mama anatumia amlodipini miligramu 5, presha ilikuwa 130/80. Wiki ya nne sasa yuko kwenye prednisoloni miligramu 40 kwa siku, presha ni 160/95 na miguu imevimba. Aiache?"

Hapana, asiikatishe prednisoloni ghafla. Kwa wiki nne hizo tezi zilizo juu ya figo huenda zimepunguza kutengeneza kotisoli, homoni ya mwili inayofanana na dawa hii. Akiacha kwa mpigo anaweza kutapika, kuishiwa nguvu na presha kuporomoka. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa ratiba ya daktari.

Presha inapanda kwa sababu dawa hii hufanya figo zishike chumvi na maji, na mishipa ya damu hukaza zaidi. Apunguze chumvi, apime asubuhi na jioni akiwa ameketi dakika tano, na aandike namba zote. Ampelekee daktari wiki hii hii. Ikifika 180/120, au akiumwa kifua au kuona ukungu, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Msikimbilie kumwongezea amlodipini wenyewe, maana nayo huvimbisha miguu. Daktari anaweza kuongeza dawa nyingine ya presha kama losatani, au dawa ya kukojosha. Hii ya pili, ikiungana na prednisoloni, hushusha potasiamu, kwa hiyo damu ipimwe.

Linalosahaulika ni safari ya kurudi: prednisoloni ikipungua, presha nayo hushuka. Akianza kuona kizunguzungu anaposimama, huenda dawa za presha zimeshamzidi, kwa hiyo amwone daktari aangalie kama zipunguzwe.