Mzee wa kitanda cha dirishani na miligramu 10 zangu

Juzi usiku kijana mmoja aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo kazini aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Mgonjwa wangu wa saratani alikuwa anakunywa mofini ya maji, miligramu 20 kila baada ya saa 4. Tangu jana anatapika kila kitu. Daktari anataka tumpe sindano, ananiuliza dozi. Nimwambie 20 ileile?"

Nilimjibu palepale: usithubutu, subiri nikupigie. Tulipomaliza kuongea, usingizi ulikuwa umeshaniruka. Swali lake lilikuwa swali langu la miaka tisa iliyopita, ila lilikuwa limegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Nami nilikuwa mfamasia wa mafunzo wakati huo. Nilitoka chuoni na alama nzuri, na nilihakikisha kila mtu wodini anajua hivyo. Kitanda cha dirishani alilala mzee mmoja ambaye saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa akichomwa mofini miligramu 10 chini ya ngozi kila baada ya saa 4, anapata nafuu, anaomba hata redio. Familia ikataka kumrudisha nyumbani, na nyumbani hakuna wa kuchoma sindano mara sita kwa siku, kwa hiyo daktari akaamua ahamie kwenye mofini ya maji. Akanigeukia: "Bwana famasia, tunampa ngapi?" Nikajibu bila kupepesa macho: "10 ileile, daktari. Mililita 5."

Alikunywa saa mbili usiku. Saa nne binti yake alikuja dirishani kwetu: "Kaka, hii dawa ya maji haimshiki baba." Nikamwambia awe na subira. Saa sita dozi ya pili, hakuna kitu. Saa saba mzee alikuwa ameng'ata shuka. Sikuongeza dozi. Nilidhani dawa imechanganywa vibaya, nikaenda kukagua chupa! Chupa ilikuwa safi. Aliyeliona kosa ni muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyewahudumia wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi. Alisoma faili, akanitazama, akasema, "Mwanangu, ini umelisahau?"

Miaka minne ya chuo, na mtihani wa somo hilo nilipata A.

Kinachomezwa hakiingii moja kwa moja kwenye damu ya mwili mzima. Mishipa inayotoka tumboni na kwenye utumbo hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa, mshipa wa lango, nao humwaga kila kitu kwenye ini. Ifikirie gari ya machungwa inayotoka Muheza, halafu geti la ushuru likawa linachukua ushuru kwa machungwa yenyewe. Kwa mofini, geti hilo linachukua takriban vikapu viwili kati ya vitatu, kwa sababu ini linaifunga dawa kwenye kipande cha sukari ili figo ziweze kuitoa. Kinachovuka kikiwa bado mofini ni kati ya asilimia 20 na 40 kwa wagonjwa wengi. Mzee wangu alimeza 10, damu yake ikapata kama 3. Aliyekuwa anaishi kwa 10 nilimwachia 3, kisha nikamwambia binti yake awe na subira. Sentensi hiyo bado inaniuma kuliko kosa lenyewe.

Wanafunzi huniuliza: je, sindano haifiki kwenye ini? Inafika, lakini kwa kuchelewa na kwa mafungu. Inaanza kuzunguka na damu ya mwili mzima, ubongo unapata sehemu yake, na katika kila mzunguko ni robo hivi tu ya damu inayopita kwenye ini. Iliyomezwa hupita yote getini kabla ya kufika popote.

Kwa hiyo hesabu ya mzee ilitakiwa iwe hivi: sindano 10 mara 6 ni miligramu 60 kwa siku. Zidisha kwa 3, unapata 180 za kunywa, yaani 30 kila baada ya saa 4. Wapo wanaozidisha kwa 2 ili waanze chini kidogo, na hawakosei, maana maini hayafanani. Ndiyo maana hesabu ni mahali pa kuanzia tu. Lazima kuwe na dozi ya ziada iliyoandikwa tayari kwa ajili ya maumivu yatakayochomoza katikati. Yule mama alimwamsha daktari, dozi ikabadilishwa, na kulipokucha mzee alikuwa amelala. Uganda, ambako hospisi ya Dkt. Anne Merriman ilianza mwaka 1993 kwa mofini ya unga iliyokorogwa na maji, wagonjwa wamekuwa wakitulia majumbani mwao kwa dawa hii ya kunywa. Maji hayana udhaifu wowote. Udhaifu ulikuwa kwenye hesabu yangu.

Kuna aliyewahi kuniuliza kwa nini basi tusiiweke mofini chini ya ulimi. Njia yenyewe ni nzuri kweli, kwa kuwa damu ya chini ya ulimi hushuka kwenye mishipa ya shingo hadi moyoni bila kupitia geti. Lakini ngozi laini ya pale hupitisha haraka dawa zinazopenda mafuta na zinazotosha kwa kiasi kidogo. Mofini haipendi mafuta. Sehemu kubwa itamezwa pamoja na mate na kurudi kulekule kwenye ini. Nitrogliserini ya wagonjwa wa moyo ndiyo iliyoumbiwa mahali pale: nusu miligramu tu, na kifua huanza kuachia ndani ya dakika 1 hadi 3. Baba yangu mdogo aliimeza na chai kwa wiki nzima, akalalamika kuwa ameuziwa dawa feki. Ini lilikuwa linaimaliza karibu yote. Nilimkalisha kitini (mtu asiitumie akiwa amesimama, presha hushuka), nikamwambia alowanishe mdomo kwanza, aiache iyeyuke. Baadaye akalalamika kichwa kinamgonga. Nikafurahi, maana hiyo ndiyo dalili kwamba imefika.

Ila ndugu zangu, acheni kulitupia ini kila lawama. Jentamaisini tunaichoma kwa sababu utumbo hauipitishi. Insulini kwa sababu tumbo huimeng'enya kama nyama. Hizo hazifiki hata getini. Kabla hujabadilisha njia ya dawa, uliza inapotelea wapi, na ukiona mtu anaandika namba ileile kwenye safu ya "mdomo" na safu ya "sindano", msimamishe, hata kama ni bosi wako. Mimi sasa nawasimamisha. Wengine hawanipendi.

Kijana wangu sasa. Kunywa 20 mara 6 ni 120 kwa siku. Gawa kwa 3, ni 40 za sindano. Gawa kwa 6, ni 6 na ushei. Tulimwandikia 6, na dozi ya ziada pembeni. Kisha nikamuuliza kuhusu figo, kwa sababu mojawapo ya vitu ambavyo ini hutengeneza kutokana na mofini nayo hutuliza maumivu, hutoka kwa mkojo, na figo zikichoka hurundikana. Mgonjwa aliyetapika siku nzima amekaukiwa, huenda hata mkojo umepungua. Angemchoma 20, angempa mara tatu ya alichozoea: usingizi mzito, mboni za macho kama ncha ya sindano, pumzi za kuhesabu. Nilimwambia ahakikishe naloksoni, dawa ya kuizima mofini ikizidi, ipo kwenye toroli, ahesabu pumzi kila nusu saa kwa saa 4 za mwanzo.

Saa kumi na moja alfajiri akatuma ujumbe: pumzi 16 kwa dakika, mgonjwa ameomba uji.