Excel ya maksi: kwa nini mwenye 75 anatoka na B, na jinsi ya kuipanga hadi ripoti ya mzazi

Walimu wenzangu, kila mwisho wa muhula kwenye ofisi ya taaluma kuna ugomvi uleule: mzazi ameshika ripoti, imeandikwa 75, pembeni imeandikwa B, na ukutani kuna karatasi inayosema A inaanzia 75. Mzazi ana haki kabisa, na mwalimu aliyeandaa maksi naye anaapa kompyuta haijakosea. Kiukweli wote wako sawa, sema faili limepangwa vibaya. Mimi nafundisha hesabu sekondari na hizi shiti za maksi nimetengeneza nyingi tu, zangu na za wenzangu, kwa hiyo leo nawaonyesha ninavyopanga somo moja, kidato cha tatu, wanafunzi 48, kuanzia alama mpaka printa.

Shiti ya kwanza naiita Alama. Kolamu A ni namba ya mwanafunzi, 1 hadi 48, B jina, C jaribio la kwanza, D jaribio la pili, E mtihani wa nusu muhula, F mtihani wa mwisho wa muhula. Sasa kabla ya majina naacha mistari miwili ya muhimu. Mstari wa 2 naandika kila mtihani ni alama ngapi jumla, kwa mfano 25, 40, 50 na 100. Mstari wa 3 naandika uzito wake kwenye jumla ya muhula, mfano 10, 10, 30 na 50, na hizi lazima zijumlishe 100. Wanafunzi wanaanzia mstari wa 5 hadi wa 52. Faida yake ni kwamba unajaza maksi vilevile zilivyo kwenye karatasi ya mwanafunzi, 18 kati ya 25 unaandika 18 basi, habari ya kubadilisha kwa kalkuleta kwanza ndo uandike hapana, hapo ndo makosa huwa yanaingia na hakuna atakayeyaona tena. Na shule ikiamua mtihani wa mwisho ubebe 60 badala ya 50, unagusa mstari wa 3 tu, hugusi fomula hata moja.

Kabla ya fomula tukubaliane kitu kimoja, sifuri na kutofanya mtihani ni vitu viwili tofauti. Aliyefanya akakosa vyote anaandikiwa 0. Ambaye hakufanya kwa sababu inayokubalika, alilazwa au alikuwa na msiba, anaandikiwa X. Na seli tupu maana yake mwalimu bado hajajaza. Ukichanganya haya matatu utaumiza mtu. Chukua mwanafunzi aliyepata 20 kati ya 25, jaribio la pili alikuwa amelazwa, nusu muhula 35 kati ya 50, mwisho 64. Kwa uzito wetu hizo ni 8, 21 na 32, jumla 61. Ukimpa sifuri kwenye lile jaribio anabaki na 61, ambayo ni C. Lakini hizo 61 amezipata kati ya 90 alizofanyia mtihani, sio 100, na 61 kati ya 90 ni 67.8, yaani 68, B. Daraja zima limeondoka kisa malaria.

Fomula inayobeba yote hayo naiweka G5, halafu naivuta hadi G52:

```
=IF(OR(COUNTBLANK(C5:F5)>0,NOT(ISNUMBER(F5))),"",
ROUND(SUMPRODUCT(C5:F5,$C$3:$F$3/$C$2:$F$2)
/SUMPRODUCT(ISNUMBER(C5:F5)*$C$3:$F$3)*100,0))
```

Usiogope urefu wake. Sehemu ya juu inasema kama kuna seli tupu, au mtihani wa mwisho hana alama, usitoe jumla yoyote. Huyu wa pili ni uamuzi wangu: mtu ambaye hakufanya mtihani wenye nusu ya uzito wote simpi jumla wala nafasi, anasubiri afanye, maana majaribio mawili hayawezi kumfanya awe wa kwanza darasani. Sehemu ya katikati inazidisha kila alama kwa uzito wake, na ya chini inagawanya kwa uzito wa mitihani aliyofanya tu. Angalia mgawanyo wa mstari wa 3 kwa mstari wa 2 umekaa upande wa pili wa koma. Usiuhamishie kwenye C5:F5 hata kama kihesabu ni kilekile, kwa sababu SUMPRODUCT ikikuta neno kama X ndani ya safu iliyosimama peke yake inalihesabu kama sifuri na kuendelea, ila wewe ukijaribu kugawanya X kwa 40 unapata #VALUE! na mstari wote umekufa.

Sasa turudi kwa yule mzazi. Binti ana 18 kati ya 25, 30 kati ya 40, 37 kati ya 50, na 76. Kwa uzito ni 7.2 na 7.5 na 22.2 na 38, jumla 74.9. Walimu wengi hapa wanabonyeza kile kitufe cha kupunguza desimali, seli inaonyesha 75, roho inatulia. Lakini kitufe kile kinabadilisha sura tu, ndani bado ipo 74.9, na fomula ya daraja inasoma cha ndani, 74.9 haijafika 75, B. Ndo maana kwenye fomula yangu kuna ROUND, na ipo sehemu moja tu kwenye faili zima, hapo G. Daraja linasoma G, nafasi inasoma G, ripoti inasoma G, kwa hiyo hakuna namna karatasi iseme 75 huku na B kule. Kama sera ya shule yenu ni kutopandisha desimali, tumia ROUNDDOWN, sawa tu, ila basi ripoti nayo itaandika 74 na mzazi hatakuwa na swali.

Madaraja msiyaandike ndani ya fomula za IF jamani. Nimeona mtu ana IF ya "kuanzia 30 hadi 44" na nyingine "kuanzia 45 hadi 64", mwanafunzi mwenye 44.6 hayupo kokote. Tengeneza shiti inaitwa Madaraja, kolamu A weka mwanzo wa kila daraja, B herufi yake. Kwa kidato cha nne NECTA wanatumia A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F, basi kuanzia A2 unaandika 0, 30, 45, 65, 75, na pembeni F, D, C, B, A. Halafu H5:

```
=IF(G5="","",VLOOKUP(G5,Madaraja!$A$2:$B$6,2,TRUE))
```

Lazima ipande kutoka ndogo kwenda kubwa. Ukiipanga A juu kama tulivyozoea kwenye mbao za matangazo, utaona maajabu, mwenye 80 anapewa F na mwenye 40 anapewa #N/A. Ukiona hivyo usihangaike na fomula, geuza jedwali. Na mkiwa na kidato cha tano, huko A inaanzia 80 na kuna E na S katikati, unatengeneza jedwali lingine, na hapo unarekebisha masafa tu ndani ya fomula kwa sababu mistari imeongezeka.

Nafasi ni fupi, I5:

```
=IF(G5="","",RANK(G5,$G$5:$G$52,0))
```

Hizo alama za dola ndo kila kitu. Ukizisahau, ukivuta fomula chini na masafa nayo yanateremka, kila mtoto anashindanishwa na walio chini yake tu. Dalili yake ni rahisi, angalia mwanafunzi wa mwisho kwenye orodha, kama ni wa 1 na maksi zake ni 38, umepata jibu. Wawili wakilingana 75 wote wanakuwa wa 4 na anayefuata ni wa 6, hiyo ni sahihi, usimtafute wa 5.

Ila hii ni nafasi ya somo. Nafasi ya darasa kwa masomo yote ina mtego mwingine, shule nyingi zinapanga kwa wastani huku division inatoka kwenye pointi za masomo saba bora, A ikiwa 1, B 2, kuendelea. Chukua mwanafunzi ana 74 masomo yote saba: wastani 74, B saba, pointi 14. Mwenzake ana 75 masomo manne na 65 matatu: wastani 70.7, lakini A nne na B tatu, pointi 10. Kwa wastani anaongoza wa kwanza, kwa pointi anaongoza wa pili, na wote ni division one. Hakuna aliyekosea, mnapima vitu viwili. Mimi napendelea wastani kwenye nafasi kwa sababu pointi zinaleta wanaolingana wengi mno, lakini chochote mtakachochagua kiandikwe kwenye ripoti yenyewe, "nafasi kwa wastani", maneno matatu tu, yatawaokoa na foleni ofisini.

Ripoti sasa. Shiti inaitwa Ripoti, seli B3 ni namba ya mwanafunzi, na kila kitu kingine kinavutwa kwa namba hiyo. Jina lake:

```
=VLOOKUP($B$3,Alama!$A$5:$I$52,2,FALSE)
```

Jumla ni hiyohiyo ukibadilisha 2 iwe 7, daraja 8, nafasi 9. Tumia namba, usitafute kwa jina, kwa sababu darasa la watoto 48 halikosi watu wawili wenye majina yanayofanana, na VLOOKUP itampa wa pili maksi za wa kwanza bila aibu. Hapa mwishoni ni FALSE, sio TRUE kama kwenye madaraja. Masomo mengine yakiwa na shiti zake zenye mpangilio uleule na namba zilezile, unabadilisha neno Alama tu.

Kuchapa wote, bonyeza Alt+F11, Insert, Module, bandika hii na uhifadhi faili kama .xlsm:

```
Sub ChapaRipoti()
    Dim i As Long
    For i = 1 To 48
        Sheets("Ripoti").Range("B3").Value = i
        Application.Calculate
        Sheets("Ripoti").PrintOut
    Next i
End Sub
```

Ule mstari wa Calculate usiutoe, kompyuta za ofisini mara nyingi mtu ameweka hesabu ziwe za mkono, bila huo mstari unaweza kupata ripoti 48 zenye jina moja, na toner imeisha. Pia badilisha 48 iwe 2 kwanza, chapa, chukua kalkuleta ukague hizo mbili kwa mkono, hasa kama kuna mwenye X, ndo uachie zote. Mwanafunzi asiye na jumla ripoti yake itatoka na nafasi wazi pale kwenye daraja, usiijaze kwa kalamu, irudishe kwa mwalimu wa somo.

Na muhula ukiisha faili hilo lifunge, la muhula ujao lianze kwenye nakala. Ukibadilisha uzito kwenye faili lilelile, ripoti za zamani nazo zinabadilika kimyakimya, halafu mzazi anakuja na karatasi yake ya mwezi wa sita na wewe kwenye skrini una namba nyingine.