Friji inapiga "tik" lakini haiwaki

"Wakuu, friji yangu hapa Tabora inapiga tik, inanguruma kidogo, tik tena, haiwaki. Fundi anasema kompresa imekufa. Kweli?"

Usinunue kompresa bado, mkuu. Hiyo tik ni ovalodi, kinga ya kompresa, inayokata kwa sababu mota ya kompresa inavuta umeme mwingi bila kuzunguka. Mara nyingi ovalodi yenyewe haina kosa. Chomoa plagi, vua rilei, kile kifaa cha kuanzishia mota kilichochomekwa kwenye kompresa, itikise. Kama ni ile yenye kidonge na inachezacheza ndani kama njugu, imevunjika.

Kisha pima pini tatu za kompresa, mbilimbili. Ya jirani yangu ilisoma omu 14, 19 na 33. Mbili ndogo zikijumlishwa zinatoa ile kubwa, na hakuna pini iliyogusana na bodi ya kompresa, basi waindingi, yaani nyaya za mota, ni nzima. Tukaweka rilei mpya, ikawaka. Ila kompresa iliyokwama ndani nayo husoma hivyohivyo.

"Badili ovalodi tu, yangu ilipona."

Ovalodi yako huenda ilikuwa imeungua, ya huyu wa Tabora inakata na kurudi.

"Mie Kigoma inanifanyia jioni tu."

Pima volti jioni hiyohiyo, dada. Zikishuka chini ya 180, hata kompresa nzima inaweza kushindwa kuanza.