Mafungu ya mirathi yakizidi kitu kizima: mume, wazazi na mabinti watatu

*Assalaamu alaykum. Dada yangu amefariki hapa Mombasa. Ameacha mume, mabinti watatu, na wazazi wetu wote wawili wako hai. Hakuna mtoto wa kiume. Nikijumlisha robo ya mume, theluthi mbili za mabinti na sudusi mbili za wazazi, jumla inapita kitu kizima. Shemeji anasema yeye na wazazi wachukue kwanza vyao kamili, mabinti wapewe kitakachobaki. Nimekosea wapi? Na nitajuaje kuwa hesabu imekaa sawa?*
*Msomaji, Kisauni*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu dadako. Hukukosea. Sehemu ulizozitaja ndizo zilizomo katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Wewe mwenyewe huna fungu humo, kwa kuwa baba yenu yu hai na baba humzuia kaka wa marehemu.

Tuziweke sehemu hizo kwenye asili moja. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 4, kwa 3 na kwa 6 ni 12. Robo ya mume ni mafungu 3 kati ya 12, theluthi mbili za mabinti ni 8, sudusi ya mama ni 2 na sudusi ya baba ni 2. Jumla ni 15, na mali ina mafungu 12 tu. Hali hii wanazuoni wa mirathi wanaiita aul, na dawa yake ni nyepesi: mafungu ya kila mmoja huachwa vilevile, ila mali inagawanywa kwa 15 badala ya 12. Mume anapata 3 kati ya 15, mabinti 8, mama 2, baba 2. Hapo kila mrithi amepungukiwa kwa kiwango kimoja, yaani moja ya tano ya alichokuwa apate.

Mas'ala ya namna hii yalimfikia Sayyidna Umar bin Khattab katika ukhalifa wake: mwanamke aliyeacha mume na dada wawili, nusu na theluthi mbili, jumla saba juu ya sita. Aliwashauri masahaba, upungufu ukagawiwa wote, kama wanavyofanyiwa wadai wa mtu ambaye mali yake haitoshi madeni. Ibn Abbas alikuja kuipinga rai hiyo, na asemayo shemeji yako yanakaribia msimamo wake. Waithnaashari wanafuata njia hiyo hadi leo: mume na wazazi huchukua kamili, upungufu ukawaangukia mabinti. Lakini madhehebu manne ya Sunni yote yanakubali aul, na kwa familia ya Kishafii kama zilivyo nyingi hapa Pwani, hiyo ndiyo hesabu ya kupeleka kwa Kadhi. Msimwone shemeji kuwa ana tamaa. Mwonyesheni hesabu.

Limebaki jambo moja. Mabinti ni watatu, na mafungu 8 hayagawanyiki kwa watatu bila kukatika. Usikimbilie nukta za desimali. Zidisha kila kitu kwa 3: asili inakuwa 45, mume 9, mabinti 24 (kila mmoja 8), mama 6, baba 6. Sasa hakuna fungu linalokatwa.

Tuseme dada ameacha nyumba iliyothaminiwa shilingi 2,700,000 na akiba ya sako 2,100,000. Jumla ni 4,800,000. Kabla ya mrithi yeyote kugusa kitu, toa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia kama upo. Tuseme maziko na madeni ni 300,000 na wasia hakuna. Zinabaki 4,500,000. Hapa pia ulizeni kama kuna mahari ambayo mume alikuwa bado hajaimaliza, maana hiyo ni deni lake kwa marehemu na inaingia ndani ya mali. Na kama nyumba ni ile ya Mombasa isiyo na ardhi, ambayo mwenyewe hulipia kodi ya uwanja, mthamini athamini jengo tu, kwa sababu kiwanja si cha marehemu.

Gawanya 4,500,000 kwa 45, fungu moja ni 100,000. Mume anapata 900,000, kila binti 800,000, mama 600,000 na baba 600,000. Kwa njia ya shemeji, mabinti wote kwa pamoja wangebaki na 1,875,000. Kwa aul wanapata 2,400,000.

Sasa uhakiki, ambao wengi wanaufanya nusu. Kwanza jumlisha mafungu: 9 na 24 na 6 na 6 ni 45, sawa na asili. Kisha jumlisha shilingi: 900,000 na 2,400,000 na 600,000 na 600,000 ni 4,500,000, hakuna iliyopotea wala iliyozidi. Lakini jumla kukaa sawa peke yake haithibitishi kuwa kila mtu amepata haki yake. Nimeona familia zikigeuza mafungu kuwa asilimia na kuzikata ziwe namba nzima: mume 20, kila binti 18, kila mzazi 13. Jumlisha: 20 na 54 na 26 ni 100 kamili, na watu wakatia saini. Kumbe kila binti amepewa 810,000, kwa ziada ya 10,000, na kila mzazi amepewa 585,000, kwa upungufu wa 15,000. Makosa yamefutana kwenye jumla, lakini hayakufutika mfukoni mwa wazee.

Kwa hiyo kuna kipimo cha pili: uwiano wa mwanzo lazima ubaki. Robo na sudusi zilikuwa 3 kwa 2, basi fedha za mume na za mama ziwe 3 kwa 2: 900,000 kwa 600,000, sawa. Theluthi mbili na sudusi zilikuwa 8 kwa 2, yaani mabinti wote wapate mara nne ya mama: 2,400,000 ni mara nne ya 600,000, sawa. Zile asilimia zinaanguka hapa papo hapo, kwani 2,430,000 si mara nne ya 585,000. Andikeni mafungu ya 45 kwenye karatasi zenu, na shilingi ziandikwe mwisho kabisa.

Hesabu hii ni ya warithi hao sita tu. Angekuwepo mtoto wa kiume mmoja, hata mchanga, theluthi mbili za mabinti zingeondoka. Mume na wazazi wangechukua 7 kati ya 12, na 5 zilizobaki zingegawiwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Aul isingekuwepo kabisa. Kwa hiyo orodha ya warithi ihakikiwe mbele ya Kadhi kabla ya kuanza kujumlisha.

Nyumba si lazima iuzwe. Katika mfano wetu ina thamani ya mafungu 27, na mabinti wana 24. Wakiichukua wao, wanadaiwa mafungu 3, yaani 300,000. Kwenye akiba, baada ya maziko na madeni, mmebaki na 1,800,000. Ziongezee hizo 300,000 uone: zinakuwa 2,100,000, ambazo ndizo mafungu 21 ya mume na wazazi. Kama kati ya mabinti yumo aliye chini ya miaka 18, mapatano haya ya nyumba yapitie kwa Kadhi, kwa sababu hakuna wa kusamehe fungu la mtoto kwa niaba yake.